Mdogo wangu kwa Kifaransa

Barua ilikuwa na mistari minne tu. Wakili aliniletea Alhamisi jioni, hapa Brussels, akaniomba nimjibu kabla ya wiki kuisha. Ofisi iliyokuwa na faili la mteja wake, mama mmoja wa Kivu Kusini anayeomba hifadhi, iliuliza hivi: katika mahojiano ya kwanza mwombaji alisema alimbeba mdogo wake wa kiume hadi ziwani, katika maelezo yake ya maandishi, yaliyofasiriwa na mimi, aliyebebwa ni mdogo wake wa kike. Aeleze ni yupi, na kwa nini kauli zake zinapishana.

Kauli za mama yule hazikupishana hata kidogo. Mara zote mbili alisema "mdogo wangu". Kwenye mahojiano alikuwapo mkalimani mwingine, naye akasema *mon petit frère*. Mimi nikaandika *ma petite sœur*. Tuliopishana ni sisi wawili, mzigo tukamtwika yeye. (Nimebadilisha mambo machache ya kesi hii ili mwenyewe asitambulike.)

Nilizaliwa Kigoma, Kifaransa nikakisomea Bujumbura, na kwa miaka mingi nimekula kwa kufasiri. Ukiniuliza kabla ya barua ile, ningekwambia tatizo la jinsia nalijua tangu darasani: Kiswahili kina "yeye", Kifaransa kina *il* na *elle*, chagua moja uendelee. Sikuwa nimekaa kujiuliza ninachagua kwa kutumia nini.

Basi usiku ule nikarudi kwenye sauti iliyorekodiwa, dakika arobaini na kitu, nikiwa na kurasa zangu 14 za Kifaransa pembeni. Sehemu yenyewe inakwenda hivi, nikiisogeza kidogo kwenye Kiswahili sanifu: "Tulipotoka kijijini, yaya alitangulia na watoto. Mimi nikabaki nyuma na mdogo wangu, alikuwa mgonjwa. Ndiye alikuwa anatupikia, ndiye alikuwa anamlea mtoto wangu mchanga. Akaanguka njiani. Nikambeba mgongoni mpaka ziwani."

Soma tena uone. Hamna mwanamume wala mwanamke humo. Nilikuwa nimeona sufuria na mtoto mchanga, nikamvisha mdogo mtu gauni. Sikumbuki hata kama nilisita. Hilo ndilo lililonikera zaidi, maana mfasiri anayesita huacha alama ya penseli pembeni, na pembeni mwa ukurasa wangu palikuwa peupe kabisa.

Kisha nikafika ukurasa wa 11, nikachoka mwili. Mama anasema pale: "Yule niliyembeba sasa ameoa, yuko kambini." Ameoa! Kwa Kiswahili neno hilo moja lilitosha. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, na mama huyu, kama watu wengi wa kwao, hachanganyi. Lakini mimi nilikuwa nimeandika *s'est mariée*, kwa sababu kitenzi cha Kifaransa ni kilekile kwa bwana harusi na bibi harusi. Mahali pekee ambapo Kiswahili kilisema jinsia wazi, Kifaransa hakikuwa na mahali pa kuiweka isipokuwa kwenye herufi ya mwisho, na herufi hiyo nilikuwa nimeshaiamua kurasa nyingi nyuma. Sikio lilisikia "ameoa", mkono ukaandika dada.

Kesho yake tulimpigia simu, mimi na wakili. Nikamwamkia shikamoo akacheka, kwao haitumiki hivyo. Nikamuuliza kama nilivyopaswa kumuuliza tangu mwanzo: "Mama, huyu mdogo wako uliyembeba ni wa kiume au wa kike?"

"Ni mwanaume, mwanangu. Kwani waliandika nini?"

"Na yaya?"

"Yaya ni mwanamke. Lakini wewe si unajua Kiswahili? Ungeniuliza tu."

Yaya nilikuwa nimempatia, ila kwa sababu ileile mbovu: alitangulia na watoto, basi dada. Hata hivyo neno hilo lilishanitia aibu zamani. Katika Kiswahili cha Kongo yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike. Kwetu Tanzania yaya ni mlezi wa watoto anayelipwa mshahara. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwamba familia moja ya wakulima ilikimbia vita ikiwa na *nourrice* wake, na msomaji wa kule akashangaa utajiri huo umetoka wapi.

Barua ya ufafanuzi niliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza kwamba "mdogo wangu" katika lugha ya asili halitaji jinsia, kwamba tafsiri zote mbili ziliongeza jambo ambalo msemaji hakulisema, na kwamba kauli yake ya ukurasa wa 11 inathibitisha kuwa ni mwanamume. Nikaweka maneno ya Kiswahili yenyewe, neno kwa neno, na dakika yanapopatikana kwenye rekodi. Ufafanuzi ulipokelewa. Mengine ya faili lile si yangu kuyasimulia.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa daftari. Kabla sijafasiri sentensi ya kwanza, nasikiliza au nasoma kazi yote na kuandika kila mtu anayetajwa: anaitwaje na msemaji, ukurasa upi, dalili gani ya jinsia ipo, na je, dalili hiyo ni ya lugha au ni ya kichwa changu. Za lugha ni chache kuliko unavyodhani. Kuoa na kuolewa. Mume, mke, baba, mama, mjomba, shangazi. Kaka na dada, ambao ni wakubwa wetu. Wadogo wetu Kiswahili hakijali ni nani, na mpaka leo sijapata maelezo ya kuniridhisha kwa nini mkubwa atajwe kwa jinsia na mdogo aachwe. Mjukuu hana jinsia, mpwa hana, mkwe hana, shemeji hana. Wifi anayo, tena anakupa mbili kwa bei ya moja: mtu akimwita mwenzake wifi, wote wawili ni wanawake. Kuna simulizi nzima niliwahi kumtambua msimuliaji kwa neno hilo tu.

Majina nayaweka kwenye safu ya kichwa changu. Bahati ni nani? Tumaini je? Nimekutana nao wa kila namna. Kuna mwingine aliyenisumbua siku mbili, Simba, aliyelia usiku kucha na asubuhi akakutwa amekufa mlangoni. Nilikuwa nimeshamwandikia *il* na huruma zangu zote, mpaka nikafika anapozungumziwa mkia. Kiambishi cha a- hakibagui hata mbwa.

Daftari lisipojibu, nauliza. Nikikosa wa kumuuliza, ndipo najaribu kukwepa, na hapa lazima nieleze Kifaransa kinaruhusu kukwepa wapi, kwa sababu wengi hudhani hakiruhusu kabisa.

Kwanza, "wake". Mwanafunzi anayetoka kwenye Kiingereza huogopa, lakini *son* na *sa* za Kifaransa hufuata kitu kinachomilikiwa, hazimjali mwenye nacho. "Mkono wake" ni *sa main*, awe Juma au Asha. Pili, "nikampa maji", "nikamwambia": hapo Kifaransa kinatumia *lui*, na *lui* hiyo ni ya wote. Tatu, kuna majina na sifa zisizobadilika, kama *malade*, *jeune*, *triste*. Kwa hiyo "alikuwa mgonjwa, nikampa maji, nikamshika mkono wake" unaweza kuipitisha karibu yote bila kumtoa mtu hadharani. Kinachokushinda ni ile "alikuwa" ya mwanzo, maana kitenzi cha Kifaransa hakisimami bila mtu mbele yake, na mtu huyo ni *il* au *elle*.

Halafu kuna vitenzi vya *être*. Katika wakati uliopita wa kawaida, vitenzi vingi vya Kifaransa huchukua *avoir* na kumwacha mtendaji na siri yake. Vichache huchukua *être*, na hivyo humalizikia kwa herufi inayosema jinsia ya mtendaji. Sasa vitaje vichache hivyo: kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kubaki, kuanguka, kuzaliwa, kufa. Huo ni ushahidi wa mkimbizi kuanzia sentensi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukifasiri maelekezo ya kupika pilau huenda usikutane na hata kimoja; ukifasiri maisha ya mtu aliyekimbia vita, hutoki navyo.

Wakalimani wa mdomo wana nafuu ambayo sisi wa maandishi hatuna. *Arrivé* na *arrivée* husikika sawa. Vivyo hivyo *parti* na *partie*, *resté* na *restée*, *tombé* na *tombée*. Mkalimani hutamka, na anayeandika kumbukumbu ndiye anayeamua herufi ya mwisho bila mtu kujua kwamba kuna uamuzi umefanyika. Kimoja tu katika vile nilivyovitaja hakifichiki mdomoni: *mort* na *morte*. Unaweza kuficha mtu alivyozaliwa, alivyofika, alivyoanguka. Akifa, sikio linajua.

Ujanja wangu wa kwanza baada ya kesi ya mama ulikuwa *la personne*, "mtu yule". Niliona nimepata dawa. Neno lenyewe ni la kike kisarufi lakini linamhusu yeyote. Nikalitumia kwenye maelezo ya kijana mmoja kuhusu jirani aliyemficha ndani ya ghala, jirani ambaye hatukuweza tena kumuuliza habari zake. Ukurasa wa kwanza ukaenda vizuri. Lakini *la personne* hurejelewa kwa *elle*, na msomaji akishakutana na *elle* ya tano amesahau kwamba ilianzia kwenye sarufi. Kwake huyo ni mwanamke. Wakili alinipigia kuniuliza kama mwanamke yule alikuwa ameolewa. *La victime*, mwathirika, ina ugonjwa huohuo. *Le témoin*, shahidi, inao wa upande wa pili.

Siku hizi mambo kama hayo nayasema waziwazi: naandika mwanzoni, kwenye dokezo la mfasiri, kwamba jinsia ya jirani haikutajwa katika asili na kwamba *elle* ni ya kisarufi, kisha kwenye mwili wa maandishi narudia *cette personne* kila inapowezekana hata kama inachosha. Mahakamani na ofisini uchovu wa msomaji si kosa. Watu huniuliza kwa nini nisitumie *iel*, kiwakilishi kipya kisicho cha kiume wala cha kike, ambacho kamusi ya Robert ilikiingiza kwenye toleo lake la mtandaoni mwaka 2021 na Ufaransa nzima ikagombana. Kwa mtu anayejitambulisha hivyo nitakitumia bila shida. Lakini *iel* inasema jambo. Ukiiweka kwenye kinywa cha mama wa Kivu, msomaji atadhani mama ametoa tamko kuhusu mdogo wake, wakati yeye kasema tu "alianguka". "Yeye" yetu haina tamko lolote ndani yake.

Rafiki yangu anayefasiri kwenda Kihispania hunicheka. Wao kitenzi chao kinasimama peke yake kama chetu: *llegó*, alifika, *cayó*, alianguka, *murió*, alikufa. Hakuna kiwakilishi cha lazima, na kitenzi saidizi chao, *haber*, hakibadilishi herufi ya mwisho ya kitenzi. *Su* yao haimjali mwenye mali wala mali yenyewe. Anaweza kumtembeza mtu kurasa mbili bila kumvua. Kinachomnasa ni vitu vidogo vinavyokuja ghafla. "Nikampa maji" ni *le di agua*, salama. "Nikambeba" ni *lo cargué* au *la cargué*, hapo hana ujanja. Na "amechoka" ni *cansado* au *cansada*, tena mdomoni inasikika wazi, tofauti na *fatigué* yetu. Na mdogo wangu kwao naye ni *hermano* au *hermana*, kwa hiyo kesi yangu ingemshinda vilevile.

Fasihi ni nchi nyingine. Mwaka fulani mwandishi mmoja wa Unguja alinipa hadithi yake fupi, kurasa sita, wapenzi wawili wanaosubiri boti ya jioni. Hakuna jina, hakuna dalili, ni "mpenzi" na "yeye" kama nyimbo za taarabu zilivyo, msikilizaji anajiwekea mtu wake. Nilimwandikia kumuuliza: msimuliaji ni mwanamume au mwanamke? Na huyo mpenzi? Alijibu kwa mstari mmoja: "Sikuwauliza."

Katika fasihi huwezi kuweka dokezo la mfasiri mwanzoni na kuvuruga kila kitu. Nilihangaika wiki tatu. Njia ya kwanza ilikuwa wakati uliopita wa kitabuni, ule wa *partit* na *mourut*, ambao hauna herufi ya jinsia mwishoni. Hiyo ni zana ambayo kwenye ushahidi huwezi kuitumia, kwa sababu hakuna anayezungumza hivyo na mama wa Kivu angesikika kama mwanahistoria. Kwenye hadithi inafaa, lakini *il* na *elle* bado walikuwa wanasubiri mlangoni. Ndipo nikajaribu kugeuza "yeye" kuwa "wewe". Asili inasema: "Alifika jioni, akakaa, akanishika mkono." Nikaandika: *Tu arrives le soir, tu t'assieds, tu me prends la main.* Hakuna herufi hata moja inayosema.

Gharama yake si ndogo. Hadithi iliyokuwa ikimzungumzia mtu ikawa inamzungumzisha, na aliyekuwa mbali akasogea karibu kuliko mwandishi alivyotaka. Nilimwambia hivyo, tukabishana, mwishowe akakubali kwa sharti kwamba boti ibaki kwa mbali. Pia kulikuwa na sentensi moja, "amechoka", iliyonikatalia kabisa, kwa sababu kwenye karatasi *fatigué* lazima iseme. Nikaishia *tu n'en peux plus*, huwezi tena. Ni kali kidogo kuliko kuchoka. Nikiisoma leo bado inanichoma, lakini sijapata bora.

Na mimi mwenyewe sikusalimika. Kila tafsiri rasmi ninayoitoa inaanza na tamko la mfasiri, *je soussigné* au *je soussignée*, na mara ya kwanza kulisaini nilitazama ile herufi ya mwisho kana kwamba mtu kaniuliza swali la faragha kwenye foleni ya benki. Wewe umesoma mpaka hapa bila kuihitaji.

Hili la faragha ndilo lililonibadilisha kidogo kuhusu kuuliza. Baada ya kesi ya mama nilikuwa nauliza kila kitu. Msimu mmoja wa baridi nilikaa na kijana kutoka mji mmoja wa kwetu, nikimsaidia kuweka maelezo yake kwenye Kifaransa kabla hajapata wakili. Alisimulia kurasa mbili kuhusu "mpenzi wangu": walivyokutana, walivyopigwa, walivyoachana kituo cha basi. Nikafungua daftari langu, nikauliza kwa sauti ileile ya kazi: "Huyu mpenzi wako ni wa kiume au wa kike?"

Akanyamaza. Akatazama mlango, ambao ulikuwa umefungwa. Nikaelewa, nikiwa nimechelewa, kwamba neno "mpenzi" lilikuwa ndilo lililomwezesha kusimulia. Kwamba alikuwa amelitumia nyumbani, kwenye simu, mbele ya mama yake, kwa miaka, na mimi nilikuwa mtu wa kwanza kumtaka alifungue, tena kwa ajili ya sarufi.

Nikamwambia kwamba ofisini huenda jibu likamsaidia, au hata likawa kiini cha maombi yake, lakini si lazima anipe mimi, na si lazima leo. Atakapopata wakili waamue pamoja. Leo naweza kuandika alichosema.

"Andika nilichosema," akasema.

Nikaandika *la personne que j'aime*, mtu ninayempenda, na kwa kuwa nilishajifunza *elle* inavyokwenda, sikuirejelea kwa kiwakilishi hata mara moja. Nilirudia maneno yaleyale manne, yote, kila alipotokea. Katika maelezo yake yote ya Kifaransa, kurasa nne, yamo mara kumi na tisa.